Dakika nne mstarini: uchambuzi wa hotuba ya kwanza ya rais wa wanafunzi

Kura zilihesabiwa Ijumaa jioni. Aliyeshinda, msichana wa kidato cha tatu, alimpita mpinzani wake kwa kura zisizofika 20 katika shule yenye wanafunzi karibu 900. Jumatatu asubuhi alitakiwa asimame mstarini na kujitambulisha mbele ya shule nzima kama rais mpya wa baraza la wanafunzi. Ratiba ilimpa dakika nne, baada ya matangazo ya mwalimu wa zamu na kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu mlezi wa baraza hilo, kwa hiyo rasimu zake zilipita mikononi mwangu. Majina ya watu na ya shule nayaacha.

Kilichonifanya nichague kisa hiki ni ule ushindi mwembamba. Mtu aliyeshinda kwa kura nyingi anaweza kusimama akasema lolote na akashangiliwa. Aliyeshinda kwa kura chache anasimama mbele ya umati ambao karibu nusu yake walimtaka mtu mwingine, na mtu huyo mwingine yupo palepale, safu ya tatu, anatazamwa na marafiki zake. Nyuma ya mzungumzaji wamekaa walimu na mkuu wa shule, nao wanasikiliza kwa sikio lao: huyu atatusumbua au tutafanya naye kazi? Halafu kuna kundi linalosahaulika kila mwaka, wanafunzi wapya ambao hawakuelewa uchaguzi wenyewe, waliopiga kura kwa kuiga jirani zao na hawajui hadi leo baraza hufanya nini.

Rasimu ya kwanza aliniletea Jumamosi. Kurasa tatu, mwandiko mzuri. Nilimwambia aisome kwa sauti kama vile yuko mstarini, nikatazama saa. Ilikwenda dakika tisa na bado alikuwa hajafika mwisho. Jambo hili huwashangaza vijana kila mara, kwa sababu wakisoma kimya ukurasa unakwisha upesi. Kwa kasi ya kusema na umati, pamoja na vituo vya kupumua, maneno ya Kiswahili yanayoingia katika dakika moja ni kama 90 hadi 110. Maneno yetu ni marefu. Dakika nne zinabeba maneno 400 ukiwa na bahati, na mstarini hakuna bahati: kuna makofi, kuna kikohozi, kuna wanaochelewa kupanga mstari. Tukakubaliana kwamba maandishi yasizidi maneno 300, dakika moja ibaki kwa ajili ya kelele.

Basi tukaanza kupunguza, na hapo ndipo kila kitu kilipojionyesha.

Theluthi ya kwanza yote ilikuwa shukrani. “Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu…” na kuendelea: mkuu wa shule, makamu wake, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu, mlezi (yaani mimi), wazazi, kisha majina manane ya timu yake ya kampeni. Sina ugomvi na itifaki. Lakini lugha yetu imeshatupatia njia ya mkato, ile ya kutaja wakubwa wawili watatu na kusema itifaki imezingatiwa, na hakuna aliyewahi kuchukia kwa kutotajwa baada ya maneno hayo. Yale majina manane yalikuwa na shida nyingine. Kuwashukuru wapiga debe wako mbele ya waliopigia debe upande mwingine ni kuendeleza kampeni. Kila jina lingeshangiliwa na kona moja ya uwanja, na kona nyingine ingekaa kimya, na mgawanyiko wa Ijumaa ungeonekana kwa macho Jumatatu. Nilimshauri akawashukuru wenzake wale uso kwa uso, siku hiyohiyo. Alifanya hivyo, na nadhani walifurahi zaidi.

Theluthi ya pili ilikuwa habari zake. Alikosoma shule ya msingi, michezo anayoipenda, nafasi aliyoshika katika mtihani wa mwaka jana, kwamba ni mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne. Mtu akiambiwa “jitambulishe” hufikiri anaombwa wasifu. Nilimuuliza swali moja kwa kila sentensi: mwanafunzi wa kidato cha kwanza akishalisikia hili, atalifanyia nini? Mtoto wa pili katika watoto wanne: hakuna. Nafasi ya tatu darasani: hakuna, na huenda ikawaudhi baadhi. Tulipofika kwenye sentensi moja iliyojificha chini ya ukurasa, kwamba akiwa mwakilishi wa darasa alifuatilia taa zilizoharibika za madarasa ya ghorofa ya juu muhula mzima hadi zikatengenezwa, akasita mwenyewe. Hiyo ilikuwa na kazi. Inamwonyesha msikilizaji kwamba huyu amewahi kupeleka jambo ofisini na kurudi na jibu, na kwamba anajua majibu huchelewa. Ikabaki. Mengine yote ya maisha yake yakatoka, isipokuwa jina, kidato na mkondo.

Theluthi ya mwisho ilikuwa ahadi, na hapa tulikaa saa nzima.

Wakati wa kampeni alisema simu zitaruhusiwa shuleni, mtihani wa kila wiki utafutwa, na maktaba itafunguliwa wakati wa mapumziko ya mchana. Rasimu ilizirudia zote tatu kwa “nitahakikisha”. Nilimpa katiba ya baraza, karatasi mbili ambazo wagombea wachache huzisoma kabla ya kushinda. Inalipatia baraza uwezo wa namna tatu: kukusanya maoni kupitia wawakilishi wa madarasa, kuingiza ajenda katika kikao cha kila mwezi na utawala wa shule, na kupanga kalenda ya vilabu. Basi. Hakuna mahali panaposema baraza linaamua kuhusu simu au mitihani. Tukaipitia kila ahadi tukijiuliza, ufunguo wa mlango huu uko mfukoni mwa nani? Wa simu uko kwa mkuu wa shule na bodi. Wa mtihani uko kwa mwalimu wa taaluma. Wa maktaba uko kwa mkutubi, na mkutubi alikuwa ameshawahi kusema hadharani kwamba tatizo lake ni kukosa wa kumsaidia saa hizo. Jambo moja kati ya matatu lilikuwa karibu kufikika.

Sasa afanyeje na simu? Njia rahisi ni kunyamaza na kuomba watu wasahau. Hawasahau. Kura nyingi za vidato vya juu zilitokana na ahadi hiyo, na kama asingeitaja, swali lingemfuata korido nzima kabla ya kipindi cha pili. Njia nyingine ni kusema “utawala umekataa”, jambo ambalo ni uongo kwa kuwa hakuna aliyeuliza, na linamfanya mkuu wa shule aonekane adui katika siku ya kwanza. Yeye alitaka kueleza kirefu kwa nini alidhani inawezekana. Nilimwambia, mwanangu, ukijieleza kirefu watu watahisi unajitetea. Sema baraza haliamui hilo, sema mtalipeleka wapi, ahidi kurudi na jibu, endelea. Sentensi nne. Mtihani wa kila wiki tuliuacha kabisa, kwa sababu aliutaja mara moja tu katika mkutano wa darasa moja, na kuuingiza mbele ya shule nzima kungezaa tumaini ambalo watu hawakuwa nalo.

Kulikuwa na ombi lingine, la upande wa pili. Mkuu wa shule, kwa nia njema, alitaka rais mpya atie neno kuhusu kuchelewa na usafi wa sare. Binti alikuja kwangu akiwa amekunja uso: “Mwalimu, nikisema hayo si watasema nimeshanunuliwa?” Alikuwa sahihi. Wanafunzi hutambua papo hapo maneno ya ofisini yakitoka kinywani mwa mwenzao, na wakishayatambua hawasikii tena yaliyobaki. Nilikwenda kwa mkuu, nikamweleza kwamba tangazo hilo lina uzito zaidi akilitoa mwenyewe dakika tano kabla. Alikubali bila taabu. Nasisitiza jambo hili kwa walezi wenzangu: ombi kama hilo lishughulikiwe na mtu mzima kwa mtu mzima. Si haki kumwachia kijana wa miaka 16 akamkatalie mkuu wake wa shule.

Kisha mpinzani. Rasimu haikumtaja. Nilipouliza, alisema ana mpango mzuri zaidi ambao hakuuandika: atamwita jukwaani, wapeane mikono, shule nzima ishangilie. “Umemuuliza?” Hakuwa amemuuliza. Fikiria yule kijana, ameshindwa kwa kura chache siku tatu zilizopita, anaitwa bila taarifa mbele ya watu 900 akatabasamu. Akija, amelazimishwa. Akikataa, ameonekana mtu wa kinyongo. Vyovyote iwavyo anayepata sifa ni yule aliyemwita. Jumapili alimtafuta wakazungumza, na kijana akasema wazi kwamba jukwaani hapandi. Lakini katika mazungumzo hayo wakagusia pendekezo lake la kampeni, kwamba kila darasa liwe na siku yake ya kukutana na baraza. Akaombwa ruhusa litumike na itajwe kuwa ni lake. Hilo alikubali. Kwa hiyo hotuba ikapata kitu chenye faida kuliko kupeana mikono: waliompigia kura mpinzani walisikia wazo lao limeingia katika kazi.

Haya ndiyo maandishi aliyopanda nayo, bila jina lake.

“Mkuu wa shule, walimu, wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Jina langu ni ——. Nipo kidato cha tatu, mkondo B. Kwa miaka miwili nimekuwa mwakilishi wa darasa langu. Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni kufuatilia taa za madarasa ya ghorofa ya juu mpaka zikatengenezwa. Ilikwenda muhula mzima. Kwa hiyo nawajua watu wa kuwaona, na najua kwamba majibu huchelewa.

Kuanzia leo mimi ni rais wa baraza la wanafunzi. Walionipigia kura, asanteni. Wasionipigia, mimi ni rais wenu pia, na jambo lenu litafika mezani sawasawa na la mwingine. Mwenzangu niliyeshindana naye alikuwa na wazo ambalo mimi sikuwa nalo: kila darasa liwe na siku yake ya kukutana na baraza. Nimemwomba tulitumie, naye amekubali. Tutaanza na kidato cha kwanza.

Wakati wa kampeni nilisema simu zitaruhusiwa. Baraza halina uwezo wa kuamua hilo. Tunachoweza ni kulipeleka kwenye kikao na utawala, na tutalipeleka. Jibu lolote nitakalopewa nitawaletea hapa, hata kama hamtalipenda.

Tunaanza na maktaba. Tunaomba ifunguliwe wakati wa mapumziko ya mchana. Ombi litaingia katika kikao cha mwezi huu, na Ijumaa inayofuata kikao nitasimama hapa niwaambie tumejibiwa nini.

Baraza lenu ni hawa. Makamu wa rais, nyoosha mkono. Katibu. Mhazini. Waangalieni vizuri.

Ukiwa na jambo, liandike ulitie kwenye sanduku lililo mlangoni mwa chumba cha baraza, kando ya maktaba. Si lazima uandike jina lako. Au njoo mwenyewe: tupo pale kila Jumanne na Alhamisi, mapumziko ya mchana.

Asanteni kwa kunisikiliza.”

Utaona salamu imekuja kabla ya jina. Sentensi ya kwanza mstarini hupotea, iwe imeandikwa na nani. Watu bado wanageuka, wanasukumana, wanamaliza kucheka jambo la mwalimu wa zamu. Ukianza na “Jina langu ni…”, nusu ya uwanja hawatalisikia jina. Salamu ni mali yetu nzuri kwa sababu inaitikiwa: “Hatujambo!” ikirudi kutoka safu za nyuma unajua sauti yako imefika huko, na baada ya kuitikia watu hunyamaza kidogo. Kimya hicho ndicho cha kuingizia jina. Nilimwonya tu asiige tabia ya washereheshaji ya kurudia “Sijawasikia! Hamjambooo?” mara tatu. Huo ni mchezo wa sherehe, na mtu anayetaka kuaminiwa na jambo la kikao hauhitaji.

Wajumbe wa baraza walinyoosha mikono wakiwa palepale walipo. Kuwapandisha jukwaani mmojammoja, kila mtu na hatua zake na tabasamu lake, kungemaliza dakika nzima, na umati ungeanza kuwachambua mwendo.

Jumapili mchana tulifanya zoezi uwanjani kwa kipaza sauti kilekile cha mstarini. Sidhani kuna kitu kinachodharauliwa kama zoezi hili. Kipaza sauti cha mkononi kinataka kukaa upana wa kiganja kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo, ili pumzi za herufi “p” na “b” zisipige moja kwa moja. Kikisogea mbali mara mbili ya hapo sauti inashuka vibaya, hasa kwa mtu mwenye sauti nyembamba. Anayeshika kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja kizima, kama waimbaji wanavyofanya, anakaribisha ule mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio, na kukielekeza kwenye spika huleta mluzi uleule. Spika zetu zilikuwa mbili, moja kila upande wa jukwaa, kwa hiyo alitakiwa asimame nyuma ya mstari wa spika, asizipite kwenda mbele hata akisisimka. Na kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde na kuna ukuta wa madarasa upande wa pili wa uwanja, maneno yake yalimrudia baada ya kitambo kidogo. Mtu asiyeizoea sauti yake ikimrudia huchanganyikiwa, akaharakisha au akasita. Dawa yake ni sentensi fupi na kituo halisi mwishoni mwa kila moja, mpaka mwangwi uishe.

Maandishi yalinakiliwa kwenye kadi mbili ngumu, herufi kubwa, kila sentensi mstari wake. Karatasi laini hutetemeka mkononi na kila mtu huona, na upepo ukija ndiyo kabisa. Sentensi mbili za mwanzo alizishika kwa kichwa ili aweze kuwatazama watu wakati anajitaja.

Jumatatu ikafika. Salamu iliitikiwa vizuri, jina likasikika, habari ya taa ikaleta kicheko cha kidato cha pili ambao walikaa gizani muhula ule. Alipomtaja mpinzani, upande wa kushoto wa uwanja ukalipuka kwa makofi na jina la kijana yule likaimbwa. Shangwe hiyo ilikuwa kubwa kuliko yoyote aliyoipata yeye. Nilimwona mwalimu wa nidhamu akijisogeza mbele, nikamgusa mkono asubiri. Binti akasimama, kipaza sauti kimeshuka hadi kifuani, akangoja. Alipoona imepungua akasema, “Nami nimewasikia,” akaendelea na kidato cha kwanza. Maneno hayo hayakuwa kwenye kadi. Kama angejaribu kupaza sauti juu ya shangwe, au kama mwalimu angepuliza filimbi, tungekuwa na pande mbili mpaka mwisho wa mwaka.

Sentensi ya simu ilizomewa, kama tulivyotarajia. Haikuwa zomea kali, bali ile “aaah” ndefu ya watu waliokata tamaa. Hakujibu, akapita kwenda kwenye maktaba. Ila nilichokiona kutoka pembeni ni kwamba zomea ile ilimtikisa kuliko shangwe ya mpinzani. Toka hapo akaacha kuwatazama watu. Alisoma kadi ya pili yote ameinamisha kichwa, kidevu kikakaribia kifua huku mkono wenye kipaza sauti ukibaki ulipokuwa, na kasi ikaongezeka. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu na jukwaa aliniambia hotuba ilikwenda safi hadi mwisho. Kwake, ndiyo.

Mapumziko ya asubuhi nilizunguka nikiwauliza wanafunzi wa safu za nyuma, wachache tu, waliokuwa wakipita. Sikuuliza kama hotuba ilikuwa nzuri, kwa sababu mwanafunzi akiulizwa hivyo na mwalimu anajibu ndiyo. Niliuliza: Rais anaitwa nani? Wanaanza na jambo gani? Ukiwa na shida unaipeleka wapi? Jina walilijua. Maktaba na simu walizijua, simu zaidi. La tatu hakuna aliyelijibu sawasawa. Mmoja alisema “kwa mwalimu wa darasa”, mwingine “kuna sanduku, lakini sijui wapi”. Yaani sehemu ambayo mwanafunzi mpya aliihitaji kuliko zote ndiyo iliyomezwa.

Sababu zilikuwa mbili na zilishikana. Ya kwanza ni kile kidevu: maneno yalipita kando ya kipaza sauti badala ya kuingia ndani yake, na kwa umbali ule herufi zinazotenganisha neno na neno ndizo hupotea mwanzo. Ya pili ni mpangilio wa maandishi wenyewe. Mahali, siku na saa vilitajwa mara moja tu, mwishoni, baada ya jambo lililowasha hisia za watu, wakati ambapo nusu ya uwanja walikuwa bado wananong’ona kuhusu simu. Habari ya kukumbukwa inayotajwa mara moja mbele ya watu 900 ni sawa na haikutajwa. Kama ningeipanga upya, sanduku lingetajwa mara ya kwanza palepale baada ya wazo la mpinzani, uwanja ukiwa upo pamoja naye, kisha lirudiwe mwisho kwa maneno yaleyale bila kubadilisha hata moja. Na sentensi hiyo ya mwisho ingekuwa ya kushikwa kwa kichwa, pamoja na zile mbili za mwanzo.

Rekebisho lilifanyika siku hiyohiyo. Wawakilishi wa madarasa walipewa sentensi mbili za kusoma kabla ya kipindi cha mwisho, na karatasi yenye mahali, siku na saa ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kwenye sanduku lenyewe. Wiki hiyo karatasi zilianza kuingia sandukuni. Nyingi zilihusu simu. Nyingine zilikuwa matusi madogo na michoro, jambo la kawaida kwa sanduku lolote jipya lisilodai jina. Chache zilikuwa na mambo ya kweli, na moja ilihitaji mtu mzima kuliko baraza, ikafikishwa kwa mwalimu wa ushauri. Tulikuwa tumekubaliana kabla kwamba sanduku linafunguliwa na katibu mbele ya mlezi, kwa ajili ya karatasi za namna hiyo. Shule inayotangaza sanduku mstarini bila kuamua hili mapema inajitafutia tatizo.

Mkutubi alikubali kufungua maktaba siku tatu kwa wiki badala ya tano, kwa sharti kwamba baraza litoe wanafunzi wawili wa kusaidia kila siku ya kufungua. Kuhusu simu, kikao kilisema hapana, na sababu ikaandikwa kwenye muhtasari. Ijumaa iliyofuata rais alisimama mstarini kwa muda usiofika dakika moja, akatoa majibu yote mawili, la maktaba kwanza, akataja siku tatu na mahali pa kujiandikisha kwa wasaidizi, akarudia siku na mahali, akashuka. Kipaza sauti safari hii kilikuwa kwenye nguzo yake, urefu umepimwa mapema, na mikono yake yote miwili ilikuwa huru kushika kadi.